Shela Limeungua, Suti Imezama: Kutafuta Kosa Kwenye Video za Logi

Malalamiko kuhusu video za harusi zinazorekodiwa kwa logi Moshi na Arusha yanajirudia mno. Shela limekuwa karatasi nyeupe lisilo na mkunjo wala lesi. Theluji ya Kibo imeyeyukia angani. Suti ya bwana harusi imegeuka shimo jeusi, na uso wa bi harusi aliyesimama chini ya migomba una rangi ya majivu. Mhariri akiponya kimoja, kingine kinaugua.

Tutazipitia dalili hizo moja moja, tukianza na sababu zinazotokea mara nyingi. Mfano wetu ni klipu moja. Maharusi wamesimama ukingoni mwa shamba la migomba Marangu, saa nne asubuhi, Kibo bado haijajifunika mawingu. Sehemu ya chini ya shela ipo juani; nyuso na suti zipo kivulini. Kamera ni ya Sony, imerekodi S-Log3, yaani logi ya Sony, kwa biti 10, na programu ya kuhariri ni DaVinci Resolve. Mwenye V-Log ya Panasonic au C-Log3 ya Canon atafuata njia hiihii, lakini asizichukue namba zetu, kwa sababu kila kampuni ina mkunjo wake wa logi.

## Kabla ya dalili yoyote: mwanga umepotelea wapi?

Video ya logi imefifia kwa makusudi. Kamera imebana mwanga wa jua kali na wa kivuli kizito ili vyote viingie kwenye faili moja, na kazi ya mhariri ni kuufungua ule mbano bila kumwaga kilichomo. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama taarifa ilipotea shambani Marangu, kamera ilipokuwa inarekodi, au imepotea mezani kwako. Ya kwanza haina dawa. Ya pili ina dawa karibu siku zote.

Jaribio lake halichukui dakika. Fungua ukurasa wa Color, washa skopu ya Waveform, kisha bonyeza Shift+D ili kuzima gredi yote. Sasa unaiona klipu kama ilivyotoka kwenye kadi. Kwa S-Log3, kipimo kikiwa cha 0 hadi 1023, nyeusi kabisa inakaa karibu na 95, kijivu cha kati kwenye 420, na kitu cheupe kilichopata mwanga sahihi kwenye 598. Kila stopu moja ya mwanga ni takriban hatua 79. Dari la kamera nyingi za Sony lipo karibu na 890, si 1023. Hili linawachanganya wengi: wanaona mstari uko mbali na kilele cha skopu, wanadhani pana nafasi, kumbe kamera ilishafika mwisho.

Tazama umbo la mstari, si urefu wake tu. Sehemu iliyoungua ndani ya kamera inaonekana kama ukingo uliokatwa kwa kisu, bapa kabisa. Shusha Gain kidogo: ukingo ule ukishuka huku umebaki bapa, hapana kitu pale. Lakini ukishuka huku unafunguka na kuonyesha vilima na mabonde, lesi ya shela ipo salama, na gredi yako ndiyo iliyoibana.

Kwenye klipu yetu, gredi ikiwa imezimwa, shela la juani lipo karibu na 685, theluji 710, nyuso za kivulini 270 na suti 175. Hakuna kilichogusa 890, na hakuna kilichozama hadi 95. Klipu ni nzima. Imepigwa juu kwa zaidi kidogo ya stopu moja, jambo ambalo kwa S-Log3 ni zuri, kwa sababu vivuli vinapata mwanga wa kutosha na chembechembe zinapungua. Tukiendelea, kumbuka namba hizo nne.

## Dalili ya 1: shela na theluji vimekuwa weupe mtupu

LUT imewekwa mwanzo, masahihisho yakafuata. Hii ndiyo sababu kuu, na inazipita nyingine zote kwa mbali. LUT ni jedwali la kubadilisha rangi. Nyingi zimetengenezwa kwa kudhani kwamba nyeupe yako ipo kwenye 598. Shela letu lipo kwenye 685, kwa hiyo jedwali linalisukuma hadi juu kabisa, na thamani zote zinazokaribia pale zinalundikwa mahali pamoja. Ukishusha Gain baada ya hapo, weupe unageuka kijivu lakini lesi hairudi.

Kipimo: chagua nodi ya LUT, bonyeza Ctrl+D kuizima. Umbile likirudi kwenye skopu, umempata mwizi. Dawa si kutupa LUT. Ongeza nodi mbele yake, yaani upande wa kushoto, kisha ushushe mwanga pale, kabla picha haijaingia kwenye jedwali. Kwenye klipu yetu, kushusha Offset hadi shela litoke 685 na kufika karibu na 600 kunatosha kuliokoa. Tatizo ni kwamba nyuso nazo zinashuka pamoja nalo, na ndiyo maana njia ya nodi tunayoieleza hapo chini ni bora kuliko LUT moja.

Tone Mapping imeachwa kwenye None. Wanaotumia nodi ya Color Space Transform, tutaiita CST, huangukia hapa. Shela letu la juani limebeba mwanga karibu mara mbili ya ule ambao Rec.709, kiwango cha rangi cha skrini za kawaida, inauhesabu kuwa nyeupe kamili. Ukibadilisha moja kwa moja bila Tone Mapping, kila kilichozidi kinakatwa. Kwenye CST ya mwisho, ile inayotoa Rec.709, chagua Tone Mapping Method: DaVinci. Uchaguzi huo unaviinamisha taratibu vile vilivyo angavu mno badala ya kuvikata.

Ubadilishaji umefanyika mara mbili. Mradi umewekwa kwenye DaVinci YRGB Color Managed, kisha mhariri akaongeza CST au LUT kwenye nodi. Kila mmoja anafungua mbano ambao mwenzake alishaufungua. Dalili yake ni ya pande mbili: shela linaungua na suti inazama kwa pamoja, tena rangi zinakolea kupita kiasi. Fungua Project Settings, nenda Color Management, tazama Color science. Chagua njia moja tu. Kwa mwongozo huu ni DaVinci YRGB ya kawaida, na ubadilishaji wote unafanyika kwenye nodi.

Kiwango cha data kimesomwa vibaya. Haitokei sana, lakini ikitokea inasumbua kwa sababu hakuna gurudumu linaloitibu. Rekodi sekunde tatu za S-Log3 ukiwa umefunika lenzi na kifuniko chake, uilete klipu kwenye Resolve. Mstari unapaswa kukaa karibu na 95. Ukiuona karibu na 36, programu inaisoma faili kama Video wakati ni Full, na kila namba iliyofuata imekosewa. Bofya klipu kwa kitufe cha kulia, Clip Attributes, Data Levels, chagua Full, kisha urudie kipimo.

Kamera yenyewe iliungua. Ukingo bapa karibu na 890 huku gredi imezimwa. Chanzo cha kawaida ni kupima mwanga kwa uso wa kivulini huku shela lipo juani. Kingine ni kupiga kwa ISO iliyo chini ya ISO ya msingi ya kamera: mhusika anadhani ameongeza usalama, kumbe dari la mwanga limeshuka. Siku ya kurekodi, weka Zebra kwenye 94+ na uhakikishe mistari haitokei kwenye shela. Ikitokea kwenye kung'aa kwa hereni au kioo cha gari, achana nayo, hayo hayana umbile la kupoteza.

Simama hapa: kama ukingo bapa upo kwenye rangi zote tatu za skopu ya Parade na umekaa usoni au kifuani kwa shela, usiendelee kusokota magurudumu. Unachoweza kufanya ni kulainisha ukingo wa sehemu iliyoungua ili isionekane kama kiraka, basi. Kama rangi moja tu ndiyo iliyokatwa na nyingine mbili ni nzima, mpaka rangi, yaani mtaalamu wa gredi, mwenye uzoefu anaweza kuokoa kitu. Mpelekee kabla hujaichosha.

## Mpangilio wa nodi unaotibu nusu ya dalili hizi

Badala ya kurekebisha picha baada ya kuifungua, irekebishe ikiwa bado kwenye eneo pana, kisha uifungue mwishoni. Hivi:

```
01  CST: S-Gamut3.Cine / S-Log3 -> DaVinci Wide Gamut / DaVinci Intermediate   (Tone Mapping: None)
02  Offset, Contrast, Pivot 0.336
03  Window + Tracker
04  Log wheels
05  CST: DaVinci Wide Gamut / DaVinci Intermediate -> Rec.709 / Gamma 2.4      (Tone Mapping: DaVinci)
```

Jenga nodi ya 01 na ya 05 kwanza, halafu fanya kazi katikati huku ukitazama matokeo ya mwisho. Pivot ya 0.336 ina sababu: ndipo kijivu cha kati kinapokaa kwenye DaVinci Intermediate. Ukiiacha ile ya programu, 0.435, kila ukiongeza Contrast kijivu cha kati na vivuli vinazama, na wengi huanza kuinua Lift kufidia kosa ambalo hawakulijua. Ndani ya eneo hili, stopu moja ni takriban hatua 75.

Klipu yetu ikipita nodi ya 01, ukiizima ya 05 kwa muda ili kupima, shela linafika karibu na 598, nyuso 197, suti 100. Tofauti kati ya shela na nyuso ni stopu tano na zaidi. Skrini ya kawaida haiwezi kuubeba umbali huo bila kuumiza upande mmoja, kwa hiyo hapa Contrast haipandi. Inashuka. Iweke 0.9 kwenye nodi ya 02. Shela linashuka hadi karibu 573, nyuso zinapanda hadi 212. Ushauri wa kawaida kwamba video ya logi huongezewa kontrasti ndio umeua mashela mengi. Ni ushauri wa siku ya mawingu, ukiupeleka kwenye jua la saa nne utaumia.

Kwenye nodi ya 03, chora duara laini kuzunguka nyuso mbili tu, ulainishe kingo zake sana, fuatisha kwa Tracker, halafu uinue Offset kwa stopu moja, yaani hatua 75 za skopu kabla ya nodi ya 05. Nyuso zinafika 287 hivi, na baada ya CST ya mwisho utaziona karibu na 400. Usiifunge suti ndani ya duara hilo. Ukiiinua nayo, inakuwa ya kijivu na utalazimika kuirudisha chini.

Nodi ya 04 ni ya miguso miwili. Gurudumu la Shadow la Log wheels linaishusha suti kidogo, maana kupungua kwa Contrast kumeifanya ipauke kama ina maziwa. Lengo ni karibu na 120 kwenye skopu ya mwisho, mikunjo ya begani ikionekana. Gurudumu la Highlight linabana shela na theluji endapo bado vinapita 960. Kwenye eneo hili, mpaka wa sehemu angavu uliowekwa na programu uko juu mno kwa klipu kama hii; ushushe hadi 0.45 hivi, la sivyo gurudumu litasokotwa bila shela kujibu.

## Dalili ya 2: suti, nywele na vivuli vimezama

Anza kwa kuitazama Waveform ya mwisho chini kabisa. Kama mstari umelala kwenye sifuri kwa upana wote wa suti, umezamisha. Kugusa sifuri kwa ncha chache, tuseme shimo la pua au kivuli chini ya gari, si kosa. Picha isiyokuwa na nyeusi popote inaonekana kama imefunikwa chandarua.

Lift imevutwa chini ili picha isifanane na logi. Hii ndiyo ya kwanza. Jicho linaona ukungu, mkono unakimbilia Lift. Lakini ukungu wa logi hautoki kwenye weusi peke yake, unatoka kwenye mbano mzima, na CST ya mwisho ndiyo inayouondoa. Rudisha Lift kwenye sifuri, hakikisha nodi ya 05 inafanya kazi, kisha tazama upya. Mara nyingi hakuna kilichobaki cha kuvuta.

Klipu ilipigwa chini. Kwa gredi iliyozimwa, uso wa mtu mweusi uliopata mwanga wa kutosha kwenye S-Log3 unakaa kama nusu stopu hadi stopu moja chini ya kijivu, yaani 340 hadi 380. Uso wa kivulini wa klipu yetu una 270 na unaokoleka. Ukikuta 180, chembechembe zitapanda pamoja na mwanga. Inua kwenye nodi ya 02 kwa Offset, si kwa Gamma baada ya ubadilishaji, halafu kuza picha hadi asilimia 100 na uangalie shavu. Chembechembe za rangi nyekundu na kijani zikicheza, shusha nusu stopu na ukubali uso uwe na kivuli. Kuondoa chembechembe kwa Noise Reduction kunapatikana kwenye toleo la kulipia la Resolve, na hata hapo ukizidisha ngozi inakuwa kama nta.

Skrini inakudanganya. Ukihariri karibu na dirisha mchana, vivuli vyote vitaonekana vimezama na utaviinua bila sababu. Funga pazia, weka taa hafifu nyuma ya skrini, na uamini skopu kuliko jicho. Ofisi ikiwa na mwanga siku zote, toa kwa Gamma 2.2 badala ya 2.4 wakati wa kutazama. Wateja nao wana yao: luninga nyingi za sebuleni zimewekwa hali ya Vivid, ambayo inazamisha suti yoyote duniani. Kabla ya kurudia kazi kwa sababu mama wa bi harusi kapiga simu, mwombe kwa upole abadilishe hali ya picha iwe Movie au Standard, atazame tena.

Simama hapa: klipu ya biti 8 iliyopigwa chini kwa stopu tatu au zaidi haitengenezeki kwa kazi ya kulipwa. Ngazi zilizobaki kivulini ni chache mno, na kila ukiinua, uso unakatika vipande vya rangi.

## Dalili ya 3: mwanga uko sawa lakini ngozi ni ya majivu

Shela lina lesi, suti ina mikunjo, na bado uso hauna uhai. Hapa kosa la mwanga limekwisha, limebaki la rangi, na sababu yake ya kwanza ni migomba yenyewe. Jua linapita kwenye majani mapana, linaangukia nyuso likiwa la kijani, huku kivuli chenyewe kikiwa na buluu ya anga. Kijani na buluu juu ya ngozi ya kahawia vinatoa majivu.

Ndani ya lile duara la nodi ya 03, peleka Tint upande wa majenta kidogo kidogo na Temp upande wa joto. Washa Vectorscope na mstari wake wa ngozi. Mstari huo unafaa ngozi zote, nyeusi na nyeupe, kwa sababu unaonyesha mwelekeo wa rangi, si mwangaza. Kinachotofautiana ni urefu wa wingu na mahali pa mwanga. Mafunzo mengi yanasema uso ukae asilimia 70 ya skopu. Hiyo ni namba ya ngozi nyeupe. Ukiilazimisha kwa Wachaga, Wameru au Wamaasai, unapata uso uliopakwa unga. Ngozi nyeusi iliyo kivulini inapendeza kati ya 350 na 450, paji la uso na mfupa wa shavu zikipanda juu zaidi. Mng'ao huo wa paji uache. Ukiubana, uso unakuwa bapa kama picha ya kitambulisho.

Sababu ya pili ni kuchagua Input Color Space isiyo sahihi kwenye nodi ya 01. Kamera imerekodi S-Gamut3.Cine, mhariri amechagua S-Gamut3 au ameacha Rec.709. Majina yanafanana, rangi hazifanani. Angalia kwenye menyu ya kamera, usikisie. Ya tatu, ambayo ni nadra, ni kuinua vivuli kupita kiasi hadi rangi zinapauka. Ongeza Saturation ndani ya duara kwa hatua 5 hadi 8 kutoka 50. Ikihitaji zaidi ya hapo, rudi kwenye Tint, hujamaliza kule.

## Dalili ya 4: shuka nyekundu imekuwa doa lisilo na mikunjo

Kwenye harusi za Arusha shuka ya Kimaasai au kitenge chenye wekundu mkali hutokea tu. Waveform inaonyesha mwanga wa kawaida, lakini nguo imekuwa kama imepakwa rangi ya mafuta. Tazama Parade. Utakuta nyekundu imegonga juu huku kijani na buluu zimelala kwenye sifuri. Kamera iliona wekundu ambao Rec.709 haiwezi kuuonyesha, na kilichozidi kimekatwa pande zote mbili.

Jaribu kwanza kwenye nodi ya 05: weka Gamut Mapping Method kuwa Saturation Compression. Mara nyingi mikunjo inarudi papo hapo. Ikikataa, chagua wekundu huo peke yake kwa Qualifier kabla ya CST ya mwisho na upunguze Saturation hadi kijani na buluu ziinuke kutoka sifuri. Chunga midomo isiingie kwenye uchaguzi, kwa sababu lipstiki ya bi harusi ina rangi ya jirani kabisa.

## Dalili ya 5: anga juu ya Mlima Meru lina mistari

Karibu kila mara ni biti 8. Logi imebana mwanga mwingi kwenye ngazi 256, anga la buluu linalobadilika polepole linapata chache, na ukiongeza kontrasti ngazi zinaonekana. Zima gredi: anga likiwa laini, punguza nguvu ya kontrasti kwenye eneo la anga pekee. Kama mistari haipo kwenye Resolve ila ipo kwenye faili ulilotoa, ongeza bitrate wakati wa kutoa. Na kama klipu uliyoletewa imepitia WhatsApp, omba faili la kwenye kadi. Kwa kamera ya biti 8 yenyewe, acha logi siku zijazo na utumie mkunjo wa kawaida wenye kontrasti ndogo.

## Dalili ya 6: baada ya kutoa faili, picha si ile

Ikiwa imefifia kwenye kicheza video cha Mac tu na kwingine iko sawa, ni namna Mac inavyosoma alama ya gama. Jaribu kutoa kwa Rec.709-A. Ikiwa imezama au imefifia kila mahali, fungua ukurasa wa Deliver, Advanced Settings, na uangalie Data Levels isiwe Full kwa kazi ya mtandaoni au ya luninga, Auto inatosha. Lirudishe faili lililotoka ndani ya Resolve, uliweke juu ya klipu yenye gredi na ulinganishe skopu. Zikilingana, faili ni salama na tatizo lipo kwenye kifaa cha kutazamia.

## Ukifika mahali pa kumwita mpaka rangi

Mbali na zile klipu zilizoungua au kuzama ndani ya kamera, kazi inayokwenda kurushwa kituo cha televisheni nayo usiimalize kwenye skrini ya kompyuta mpakato isiyopimwa. Vituo vina mipaka ya juu na ya chini ya mawimbi, na faili likivuka linarudishwa.

Unapomkabidhi, mpe faili za kwenye kadi kama zilivyo, si zile ulizokwisha kuzitoa na LUT juu yake. Mwandikie jina la kamera, S-Log3 pamoja na S-Gamut3.Cine, ISO iliyotumika, na ile klipu ya lenzi iliyofunikwa. Mpe pia mradi wa Resolve kama faili la .drp, gredi zako zikiwemo hata kama zimeharibika, ili aone ulikoishia. Na kadi usiifute hadi athibitishe kwamba faili zote zimefunguka kwake.